Wakuu naomba ushauri, risiti za paking zimefutika tarehe

Habarini wakuu, nina risiti 23 za safari za kikazi nataka nirudishiwe hela, tiketi za basi, za barabara ya kulipia na paking, nimezigawa kwa sababu ya safari, kwenda kwa mteja, mafunzo na kukagua mradi. Shida paking 3 hazina tarehe, zilikaa kwenye dashibodi juani wino ukapotea (uzembe wangu). Moja namba yake iko katikati ya mbili za tarehe 12, mashine ileile, so ni siku hiyo tu. Niandike 12 kwenye fomu na maelezo pembeni bila kugusa risiti, au niache wazi niweke alama? Na zile 2 zisizo na ushahidi wowote, nizitenge mhasibu aamue au nizitoe kabisa? Naogopa zisije kukwamisha kundi zima.