Mjadala: Mgeni akishapanda ndege kutoka Ulaya, treni ya Voi inapunguza nini?

Mwuliza swali, mpangaji safari, Nairobi: "Nina wageni wawili wa Frankfurt. Wanataka siku nane: Nairobi, Masai Mara kwa ndege ndogo, kisha Diani kwa ndege, warudi Nairobi kwa ndege. Wameniomba nipunguze madhara ya safari kwa mazingira. Wenzangu wanasema nikiwaweka kwenye treni nitakuwa napaka rangi tu, kwa sababu madhara yote yako kwenye ndege ya Ulaya. Nifanye nini hasa?"

Mhesabu wa mafuta, aliyefanya kazi ya ndege ndogo: Wenzako wana sehemu ya haki, ila wamekosea mahali pa kusimama. Frankfurt hadi Nairobi moja kwa moja ni kama kilomita 6,300. Kwenda na kurudi ni 12,600. Ndege kubwa ya kisasa hula takribani lita 3 kwa kila abiria wa daraja la kawaida katika kilomita 100, kwa hiyo kila mgeni anabeba lita 380 hivi. Lita moja ya mafuta ya ndege ikiungua inatoa kama kilo mbili na nusu za hewa ukaa. Hapo tuna kilo 950 kwa kichwa, kabla hatujahesabu joto linaloongezwa na mikia ya mawingu inayoachwa na ndege angani.

Sasa tazama tiketi wanayopenda wageni kwa kuwa ni rahisi, ile ya kupitia Dubai. Njia inakuwa kama kilomita 8,400 kila upande, na kuna kupaa kwa pili ambako ndiko ndege hula zaidi. Zinaongezeka zaidi ya kilo 300 kwa mtu. Safari zote za ndani ulizotaja, Mara na Diani na kurudi, kwa makadirio yangu ni kama kilo 200. Yaani kabla hujagusa treni, kuwashauri wachukue ndege ya moja kwa moja kuna uzito kuliko kila kitu utakachopanga hapa nchini. Na wakikaa daraja la biashara, kiti kimoja kinachukua nafasi ya viti kadhaa, hesabu inapanda vivyo hivyo.

Mpenda reli, Mombasa: Lakini treni ndiyo safi kuliko vyote, hilo halina ubishi. Badala ya kwenda Mara kwa ndege, wawekwe kwenye gari hadi Mara, warudi, wapande treni ya Madaraka hadi Mombasa. Ndege za ndani zote zimekufa, kazi imekwisha.

Mhesabu wa mafuta: Hapana, kaka, hapo ndipo wengi huanguka. Land Cruiser ya safari hula kama lita 14 kwa kilomita 100. Nairobi hadi Mara kwa njia ya Narok ni kama kilomita 270. Kwenda na kurudi ni lita 76, na dizeli inatoa kilo 2.7 kwa lita, kwa hiyo kilo 200 na ushei. Wageni ni wawili, kila mmoja ana kilo 100. Ndege ndogo aina ya Caravan hula kama lita 150 kwa dakika 45 za kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Mara. Ikijaa watu 12, ni kilo 31 kwa kichwa kila upande, kama 60 kwenda na kurudi. Ikiruka nusu tupu ndipo inakuwa mbaya kuliko gari lile. Kwa hiyo swali si ndege au gari, swali ni viti vingapi vimekaliwa. Gari hilo hilo lingebeba watu sita, lingeishinda ndege kwa mbali.

Na treni yenu ya Nairobi–Mombasa ni ya dizeli, tusisahau. Treni ya dizeli iliyojaa vizuri hukadiriwa gramu 30 hadi 50 kwa abiria kwa kilomita, tuseme kilo 19 kwa safari nzima. Basi lenye watu 45 linalokula lita 30 kwa kilomita 100 linafika Mombasa kwa kilo 9 kwa kichwa. Ndege ni kilo 60 hadi 80. Treni inashinda ndege waziwazi, ila basi lililojaa linaishinda treni ya dizeli.

Msafiri wa Dar: Huku kwetu ya SGR ni ya umeme, tangu ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Mimi naenda Dodoma kila wiki kikazi, kwa hiyo nafikiri nimeshatimiza sehemu yangu. Kwani hao wageni wako hawawezi kuja Tanzania?

Mhesabu wa mafuta: Safari yako ni nyingine, ndugu, wewe unasafiri wiki 50 kwa mwaka, na kama kila mara umeiacha ndege, hapo unaokoa kweli. Umeme wa Tanzania una maji mengi sasa baada ya bwawa la Julius Nyerere, ingawa gesi bado imo. Lakini wageni hawa wakiruka hadi Nairobi kisha Dar ili tu wapande treni ya umeme, faida inakufa njiani.

Mwongoza watalii, Voi: Mnazungumzia vyombo, na hamzungumzii ramani. Kosa la mpango huu ni kwamba Mara iko magharibi na Diani iko mashariki, kwa hiyo mgeni analipia kurudi nyuma. Wapelekeni Tsavo Mashariki. Reli inapita hapo hapo. Treni ya asubuhi ya saa mbili, ile inayosimama stesheni za njiani, inawashusha Voi, na lango la hifadhi liko jirani na mji. Baada ya siku za Tsavo wanapanda tena Voi hadi Miritini, stesheni ya Mombasa, halafu gari dogo hadi Diani kwa barabara ya Dongo Kundu, bila foleni ya kivuko cha Likoni.

Tiketi mwangalie sana. Zinakatwa metickets.krc.co.ke au kwa *639#, na kikwazo cha wageni ni malipo ya M-Pesa, kwa hiyo mwenyeji awakatie mapema. Hakikisheni tiketi imeandikwa Voi. Na wafike stesheni saa nzima kabla, maana mizigo inakaguliwa na mlango hufungwa.

Mhesabu wa mafuta: Huo ndio mpango. Nairobi–Voi kilo 13, Voi–Mombasa kilo 6, Mombasa–Nairobi 19. Jumla kama kilo 40 badala ya 200. Lakini kuna mtego mmoja ambao nauona kila msimu. Kampuni ya Nairobi inamkatia mgeni treni, halafu inatuma Land Cruiser yake tupu hadi Voi kumpokea. Kilomita 330 kwenda na 330 kurudi, lita 92, karibu kilo 250. Kwa watu wawili ni kama kilo 120 na kitu kila mmoja. Mgeni anapiga picha dirishani akidhani ameokoa, kumbe faida kubwa imechomwa barabarani na gari asiloliona. Njia ya kugundua ni kuuliza jambo moja: gari litakalotuchukua stesheni linalala wapi usiku wa kabla?

Mwongoza watalii, Voi: Ndiyo maana nasisitiza dereva wa hapa. Sisemi kwa kuwa ni riziki yetu tu. Gari la Voi linatembea kilomita za hifadhi peke yake.

Mwalimu wa mazingira, Kilifi: Ila "mwenyeji" si cheti cha usafi. Kambi ya mwenyeji inaweza kuendesha jenereta ya dizeli usiku kucha, ikavuta maji ya kisima mpaka jirani akose. Muulizeni mwenye kambi mambo machache tu: jenereta inawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi, maji taka yanaishia wapi, mboga zinatoka wapi. Mwenye kambi anayejibu mara moja kwa saa na kwa majina ya mashamba, huyo anajua kambi yake. Anayesema "sisi tunajali mazingira", endelea kutafuta.

Na treni yenyewe msiisafishe mno. Tuta lake limeikata Tsavo, tembo wanategemea vivuko vya chini ya reli na madaraja.

Mpenda reli, Mombasa: Tuta liko pale tangu 2017. Abiria wawili zaidi hawaliongezi hata inchi.

Mwalimu wa mazingira, Kilifi: Hoja hiyo hiyo wataitumia wa ndege: "itaruka tu hata nisipopanda." Mashirika huongeza safari viti vikijaa na huzipunguza visipojaa. Tukikubali hoja kwa treni, tuikubali kwa ndege, au tuikatae kote.

Mwuliza swali: Na kukaa muda mrefu? Naweza kuwashawishi wakae siku 16. Kilo 950 nikigawa kwa siku 8 ni karibu 120 kwa siku. Kwa 16 inakuwa 60. Si nimepunguza nusu?

Mhesabu wa mafuta: Umegawa karatasi, hewa haijagawanyika. Kilo 950 ni zile zile juu angani. Siku 16 zinapunguza pale tu zinapochukua nafasi ya safari nyingine. Waulize: mlipanga kuruka tena mwaka huu, au mwakani mrudi pwani? Wakisema walikuwa waje mara mbili, na sasa wanaziunganisha ziwe moja, umeokoa tani nzima kwa mtu, hakuna treni itakayokupa hiyo. Wakiongeza siku nane na bado wakaenda Krismasi kisiwa kingine, hukuokoa kitu.

Mwongoza watalii, Voi: Na siku hizo nyingi zisijazwe na kuzunguka. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa kwa siku, kwa hiyo si lazima waingie kila asubuhi. Siku tatu za Tsavo zinatosha, kisha wachukue gari la matatu kupanda Wundanyi, kwenye milima ya Taita, kupitia Mwatate, walale kwa wenyeji, watembee msitu wa Ngangao kutafuta ndege wa Taita wasiopatikana kwingine duniani. Kisha Lumo, hifadhi ya jamii iliyoundwa na ranchi tatu, njia ya Taveta. Mwendo wote huo ni mfupi, na siku kadhaa gari halitembei kabisa.

Mwenye ardhi katika hifadhi ya jamii, Mara: Nimewasoma wote kwa utulivu. Mnapoondoa Mara kwenye ramani, mnajua ardhi ile inasimama kwa nini? Sisi tunakodisha mashamba yetu kwa kambi, kodi inalipwa na vitanda. Ndege zilipokoma mwaka 2020, fedha zilikatika, na watu walianza kuhesabu uzio na mahindi. Uzio ukisimama, nyumbu hapiti. Hizo kilo 160 mlizookoa kwa mtu mtazilinganisha vipi na ekari 100 zilizolimwa?

Mwalimu wa mazingira, Kilifi: Swali lako ni zito, mzee, na hesabu ya mafuta hailijibu. Lakini Tsavo na Taita nako kuna ardhi za watu zenye njia za tembo, na wageni ni wachache mno. Kwa nini fedha zote ziende Mara ambako magari yanazunguka simba mmoja hadi haonekani?

Mwenye ardhi, Mara: Kwenye hifadhi zetu za jamii magari hayazidi matano kwa mnyama mmoja. Fujo unayoiona ni ya upande wa ndani wa hifadhi ya taifa. Mgeni akija kwetu aje kwa gari la watu sita kutoka Nairobi, akae usiku sita badala ya mbili, hapo sina ugomvi na reli yenu.

Mwuliza swali: Basi nawapa mipango miwili wachague. Ya kwanza: ndege ya moja kwa moja, siku 16, treni hadi Voi, dereva wa Voi, Wundanyi, Diani, treni. Ya pili: Mara usiku sita kwa gari la kushirikiana na wageni wengine, Diani iachwe. Kila mpango nitauandikia lita zake.

Mhesabu wa mafuta: Andika na gari tupu linalorudi. Ndilo linalosahauliwa.

Mwenye ardhi, Mara: Na andika kodi ya ardhi, shilingi ngapi kwa kila usiku wa mgeni. Bila hiyo, orodha yako itakuwa na upande mmoja.