Mrejesho: unga uliozidi gharama ya kiwango

Niliuliza: "Unga umezidi gharama ya kiwango kwa 5,120. Ni msambazaji kupandisha bei tu, au kuna jingine?"

Asanteni sana wakuu. Nilifuata ushauri wa kupigia hesabu mikate 1,000 iliyotoka kweli, si ile iliyopangwa. Kiwango ni kilo 500 kwa bei ya 100. Tulitumia 530 kwa 104. Tofauti ya bei: 4 × 530 = 2,120. Ya matumizi: 30 × 100 = 3,000. Kumbe kubwa lilikuwa humu ndani!

Nikapima madonge kwa mizani nyingine: kila moja limezidi gramu 25, na 15 kati ya hizo ni unga. Mizani yetu ilisoma pungufu, tumeirekebisha. Hizo ni kilo 15. Zilizobaki 15 bado sijazipata. Kesho naanza kupima magunia yanapopokelewa.