Waweka hazina wa vikoba, acheni kututumia ukungu!

Wakuu, nimechoka. Mweka hazina wetu kapiga skrinshoti ndefu ya marejesho ya mwezi mzima, ile ya kushuka mpaka chini, kaitupia kwenye grupu la WhatsApp kama picha. 3 na 8 zinafanana, majina ni mistari ya kijivu. Ukiuliza unaambiwa "nunua simu nzuri". Simu yangu ina kosa gani?

WhatsApp ikipewa picha kwa njia ya kawaida huipunguza kabla haijaondoka. Upande mrefu hushushwa hadi pikseli 1600 hivi. Skrinshoti yake ilikuwa na upana wa 1080 na urefu wa 8000. Ili 8000 iwe 1600 lazima igawanywe kwa tano, na upana nao hivyohivyo: zinabaki 216. Jina, tarehe na kiasi, vyote vimebanwa humo! Halafu inageuzwa JPEG, inayofaa sura za watu kuliko kingo kali za herufi. Ndiyo madoadoa yanayozizunguka tarakimu.

Kwani ni kazi? Gusa alama ya kuambatisha, chagua "Document" badala ya "Gallery", itafute kwenye folda ya Screenshots, tuma. Inafika ilivyo.

Dogo_Mbagala: Si aweke HD tu, mkuu? Ugomvi umeisha.

Fundi_Kkoo: Dogo, kwa skrinshoti ya skrini moja uko sawa, HD inatosha kusomeka. Hiyo ya 8000 hata HD inaipunguza. Na wewe mleta uzi, usiichukue iliyokwishafika kwenye grupu ukaituma upya kama dokumenti, utakuwa unasambaza ukungu uleule. Lazima itoke kwa aliyeipiga. Utaijua ikifika: kwenye chati utaona jina la faili, mara nyingi linaishia na .png, pamoja na ukubwa wake.

Mama_Nuru: Jamani, mimi picha za harusi ya mwanangu zimejaza simu. Nikizituma hivyo kama dokumenti zitapungua?

Fundi_Kkoo: Hapana mama, zitafika na uzito wake wote, na aliyetumiwa atakula bando. Za harusi tuma kawaida tu, sura hazidhuriki sana. Tunayemgombeza hapa ni wa maandishi.

Dogo_Mbagala: Ila dokumenti inakera, mtu haioni picha vizuri mpaka aifungue. Wazee wa grupu letu hawafungui kabisa.

Mleta uzi: Bora asiyefungua kuliko anayesoma deni la mwenzake akadhani lake.

Karani_Mstaafu: Vijana, hesabu mnazipigia picha za nini? Kama ziko kwenye Excel, atoe PDF. Humo herufi zinabaki herufi, unakuza upendavyo na jina lako unalitafuta kwa kuliandika.

Mleta uzi: Mzee wangu, shikamoo. Hiyo PDF niliiomba wiki iliyopita. Nimejibiwa kwa skrinshoti.