Majibu manne ya swali moja la vigawo: nimpe nani tiki?

Mama Kidato cha Pili

Habari za jioni wanajukwaa. Kila Jumamosi ninakuwa na watoto wanne mezani: wangu, wa dada yangu na mapacha wa jirani. Wote wako kidato cha pili. Wakimaliza karatasi ya mazoezi ya hesabu, mimi nasahihisha kwa kufuata majibu yaliyochapwa ukurasa wa mwisho, maana hesabu zenyewe nilishazisahau.

Leo swali la saba limenishinda. Limeandikwa kwa Kiingereza, maana yake ni: tafuta vigawo vya 4x² − 10x − 6. Jibu la ukurasa wa mwisho ni 2(2x + 1)(x − 3). Watoto wameniletea haya:

Mwanangu: (4x + 2)(x − 3)
Wa dada: (2x + 1)(2x − 6)
Pacha wa kwanza: −2(2x + 1)(3 − x)
Pacha wa pili: (2x + 1)(x − 3)

Hakuna hata mmoja aliyefanana na karatasi. Nilitaka kumpa tiki pacha wa pili kwa kuwa yeye ndiye aliyekaribia, kakosa ile 2 ya mbele tu. Wenzake wamekasirika, kila mmoja anasema amefuata hatua alizofundishwa. Naombeni msaada, sitaki kumwekea mtoto kosa asilolifanya.

Fundi Umeme

Dada, usiumize kichwa. Chukua x = 3, iweke kwenye kila jibu. Zote zinatoa sifuri. Chukua x = −½, zote sifuri tena. Basi wote wamepata, wape tiki wote wanne.

Mwalimu Mstaafu

Fundi, umechagua namba mbili ambazo haziwezi kutenganisha majibu haya. Mabano yenye x − 3 lazima yawe sifuri ukiweka 3, hata ukiyazidisha kwa 2, kwa 100 au kwa −7. Kwa namba hizo, jibu sahihi na jibu lililopunguka yanatoka sawasawa.

Mama, weka namba nyingine. Anza na x = 1. Swali lenyewe linatoa 4 − 10 − 6, yaani −12. Jibu la mwanao: 6 × −2 = −12. La wa dada: 3 × −4 = −12. La pacha wa kwanza: −2 × 3 × 2 = −12. La pacha wa pili: 3 × −2 = −6. Huyo uliyetaka kumpa tiki ndiye peke yake aliyekosa. Hao watatu walioonekana wako mbali na karatasi wote wamepata.

Sasa tuone tofauti zimetoka wapi, kwa sababu watoto hawajabahatisha. Wamefundishwa kuzidisha 4 na −6 wapate −24, kisha watafute namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa −24 na zikijumlishwa zinatoa −10. Namba hizo ni −12 na 2. Hapo −10x inavunjwa vipande viwili. Mwanao ametanguliza −12x:

```
4x² − 12x + 2x − 6
4x(x − 3) + 2(x − 3)
(4x + 2)(x − 3)
```

Wa dada ametanguliza 2x:

```
4x² + 2x − 12x − 6
2x(2x + 1) − 6(2x + 1)
(2x − 6)(2x + 1)
```

Namba ni zilezile, wamepishana mpangilio tu. Katika 4x² − 10x − 6 kuna 2 inayogawa kila kipande, na hiyo 2 lazima ikae mahali. Kwa mwanao imejificha kwenye mabano ya kwanza, kwani 4x + 2 ni 2(2x + 1). Kwa wa dada imejificha kwenye 2x − 6, ambayo ni 2(x − 3). Aliyetunga majibu aliitoa nje kabla ya kuanza, ndiyo maana kwake inaonekana waziwazi.

Pacha wa kwanza ametoa −2 badala ya 2, kisha ndani akabaki na 3 − x. Ukigeuza mabano mamoja kutoka x − 3 kuwa 3 − x, jibu lote linageuka kutoka chanya kwenda hasi, au kinyume chake. Yeye amegeuza mabano na akaweka alama ya kutoa mbele, kwa hiyo mageuzi mawili yamefutana.

Baba Mapacha

Samahani, mimi ndiye jirani mwenye hao mapacha, nimeonyeshwa uzi huu. Mwanangu wa pili anasema aligawanya kila kitu kwa 2 ili namba ziwe ndogo. Wiki iliyopita alifanya hivyohivyo darasani, akapata alama zote. Kwa nini leo awe amekosa?

Mwalimu Mstaafu

Muulize kama swali la wiki iliyopita lilikuwa na "= 0" mwishoni. Naamini lilikuwa nalo. Likiwa 4x² − 10x − 6 = 0, ukigawanya pande zote mbili kwa 2, sifuri inabaki sifuri na thamani za x hazibadiliki. Ni 3 na −½ vilevile. Hapo ana haki kabisa kuitupa 2. Swali la leo halina upande wa pili. Akigawanya kwa 2 anabaki na kitu kingine, ambacho ni nusu ya kile cha kwanza. Jaribu x = 0: swali linatoa −6, jibu lake −3. Jaribu x = 2: swali −10, jibu lake −5. Kila mahali ni nusu.

Baba Mapacha

Amefungua daftari. Kweli, la wiki iliyopita lina = 0. Anasema hakuangalia.

Shangazi Hesabu

Nina swali langu linalofanana. Binti yangu alipewa 8 + 2x − x². Majibu yanasema (4 − x)(2 + x). Yeye aliandika (x − 4)(x + 2). Nikaweka x = 4, sifuri. Kumbe nami nimeanguka palepale alipoanguka Fundi?

Mwalimu Mstaafu

Ndiyo. Weka x = 0: swali linatoa 8, jibu lake −8. Amegeuza mabano mamoja akasahau alama ya kutoa mbele. Angeandika −(x − 4)(x + 2) angekuwa sahihi.

Fundi Umeme

Nimekubali. Basi namba moja inatosha, mradi isiwe ile inayoleta sifuri?

Mwalimu Mstaafu

Haitoshi. Mtoto akiandika (4x − 6)(x + 1), ukiweka x = 0 unapata −6, sawa na swali. Ukiweka x = 1 unapata −4 badala ya −12. Kwa maswali yenye x² jaribu namba tatu tofauti, zozote zile. Zikikubali zote tatu, majibu mawili ni kitu kimoja, kwa sababu tofauti yao haiwezi kuwa sifuri mahali patatu bila kuwa sifuri kila mahali. Au fungua mabano moja kwa moja.

Mwalimu Kijana

Shikamoo mwalimu. Nafundisha somo hili, na hapo kwa mwanae Mama ningepunguza alama. (4x + 2)(x − 3) ni sawa na swali, lakini mabano ya kwanza bado yana 2 ya kutoa. Swali likisema vigawo vitolewe mpaka mwisho, hajafika.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Likisema hivyo, na tukikubaliana tunatumia namba nzima tu, nakubali. Ila ukiruhusu sehemu, mtu anaweza kuandika 4(x + ½)(x − 3), nalo ni sahihi. Hapo huwezi tena kusema 2 ya 4x + 2 imeachwa ndani kimakosa, maana hata kwenye 2x + 1 unaweza kuitoa. Lililoandikwa kwenye karatasi ya Mama ni "tafuta vigawo" tu.

Mwalimu Kijana

Wanafunzi wangu nawaambia watoe namba ya nje kwanza, hata swali lisiposema. Siwezi kumpa alama zote asiyefanya hivyo.

Mama Kidato cha Pili

Nimejaribu 0, 1 na 2 kwa wote wanne. Watatu wametoa −6, −12 na −10 kama swali. Pacha wa pili anarudia sasa hivi, kaanza kwa kuandika 2 nje ya mabano. Kuhusu mwanangu, nimeweka tiki kwa penseli. Jumatatu ataenda kumuuliza mwalimu wake kama anataka 2 itoke.