MCV 87 lakini damu ni 7.6: nitafute nini?

MtabibuKata: Wakuu, naombeni ushauri. Mama wa miaka 31, ananyonyesha, uzazi wa tatu ndani ya miaka minne. Akitembea kidogo moyo unamwenda mbio. HB 7.6, MCV 87, RDW 23. Malaria hana, figo ziko sawa. Chembe zikiwa ndogo huwaza madini chuma, zikiwa kubwa huwaza foliki au B12. Hizi ni za kawaida.

Mpitanjia: Ukubwa wa kawaida maana yake chuma na vitamini vinatosha. Fikiria kutoka damu kwa ghafla, ugonjwa wa muda mrefu kama TB, au chembe kuvunjika kama kwenye selimundu.

Hadubini: Ndugu Mpitanjia, magonjwa uliyotaja ni sahihi, ila sentensi ya kwanza itampoteza. MCV ni wastani wa ukubwa wa chembe. Nusu ya chembe zikiwa 70 na nusu 104, mashine itaandika 87. RDW, inayoonyesha chembe zinavyotofautiana kwa ukubwa, ndiyo inayofichua: kawaida haivuki 15 hivi, yeye ana 23. Mimba za karibu karibu humaliza chuma na foliki kwa pamoja, kimoja kinashusha ukubwa, kingine kinapandisha.

Hesabu chembe nyekundu changa. Zikiwa chache na HB iko 7.6, uboho umekosa malighafi. Zikiwa nyingi, damu inavuja au inavunjika, na kwa kuwa changa ni kubwa, zenyewe hupandisha MCV. Halafu paka slaidi kwa damu ya siku hiyohiyo, maana ikilala kwenye kichupa cha EDTA chembe huvimba. Tafuta ndogo zilizopauka, kubwa za umbo la yai, na chembe nyeupe zenye kiini cha vipande sita.

MamaZai: Mimi natumia ARV yenye zidovudini, MCV 108, HB 12.4. Ninywe foliki?

Hadubini: Dada, zidovudini hukuza chembe hata foliki ikitosha, na HB yako ni nzuri. Usiache dawa, ila waonyeshe kliniki karatasi hiyo.

MtabibuKata: Chembe changa 0.8%. Slaidi ina ndogo na kubwa, na vipande sita nimeviona. Choo kina mayai ya safura. Nimpe chuma na foliki?

Mpitanjia: Hapo nimekubali. Lakini B12 je? Foliki peke yake itapandisha HB huku neva zikiendelea kuharibika.

Hadubini: Hilo ni la kweli. Muulize kuhusu ganzi, na upime mtetemo kwenye vidole vya miguu. Chukua damu ya B12 kabla ya kidonge cha kwanza. Safura na chuma anza leo. Ukimpa chuma peke yake, HB itapanda kidogo kisha ikwame, na MCV itavuka 100.

MtabibuKata: Ganzi hana. B12 hapa haipimwi, sampuli lazima isafiri.

Mpitanjia: Basi mchome B12 pamoja na foliki, usisubiri.

Hadubini: Mimi ningechukua sampuli kwanza. Ukishamchoma, kipimo hakitakuambia tena kama ilikuwa imepungua.