Biriani ya Ijumaa nimekula nusu, nusu nimefungiwa. Daftarini niandike ngapi?

Salha_Upanga (Ijumaa, saa 1 usiku)

Wakuu habari za jioni. Nina hesabu inayoonekana ya mtoto wa darasa la pili lakini imenishinda.

Nipo Dar. Ofisini kwetu kila Ijumaa mchana tunatoka kwenda kula biriani ya kuku. Sahani yenyewe ni kilima, sijawahi kuimaliza hata siku moja. Nikishiba namwita mhudumu anifungie iliyobaki, na nikifika nyumbani mdogo wangu anaimaliza usiku huohuo.

Tangu Machi napunguza uzito, kwa hiyo kila ninachokula nakiandika. Nikipika mwenyewe napima, hapo sina shida. Ijumaa ndiyo naandika "biriani, nusu sahani, kalori 600". Hiyo 600 niliiotea tu. Leo nimeliweka kontena kwenye mizani ya jikoni, limesoma gramu 418. Sasa kama iliyobaki ni nusu, maana yake na mimi nimekula gramu 418?

kaka_dulla

Dada, biriani ya Ijumaa si ya kupima. Maliza sahani, Jumamosi asubuhi nenda kakimbie Koko Bichi, kesi imeisha.

NeemaTabata

Mimi niliacha kuumiza kichwa. Chakula kikifika tu, kabla sijagusa, namwambia mhudumu agawe katikati, nusu aifunge palepale. Hapo nusu ni nusu kweli, huhitaji mizani.

Mzee_Mizani

Salha, usiandike 418. Nimefanya kazi ya lishe miaka mingi, na kosa hili nimekutana nalo kila wiki kwenye madaftari ya watu.

Mizani imekupa uzito wa kilichobaki pamoja na kontena. Neno "nusu" umelileta wewe, kwa macho. Macho yanapima upana wa chakula kwenye sahani, hayapimi kimo. Wali uliorundikwa, ukila ule wa juu, kinachobaki kimetandazika na kinaonekana bado kingi. Unaweza kuwa umekula theluthi mbili, na sahani bado inakuambia nusu.

Kubwa zaidi, biriani si kitu kimoja. Kuna wali, kuna masala, kuna kuku. Hebu niambie: kuku ulimwacha? Masala je? Na kama mdogo wako hajaanza kula, kwangua masala uyaweke pembeni, upime kila kimoja peke yake.

Salha_Upanga

Nimemnyang'anya sahani, amenuna hadi sasa.

Wali gramu 330, masala gramu 60. Kontena nimeliosha na kulikausha, gramu 28. Kuku sikumwacha, nilimmaliza mimi, umebaki mfupa tu. Sasa nikikumbuka vizuri, hata masala nilikula mengi, maana nilikuwa nachota wali na masala hadi nilipoanza kushiba. Nilichofungiwa ni wali zaidi.

Mzee_Mizani

Basi jibu la nusu ya kwanza umeshajipa mwenyewe. Uliacha kitu chepesi ukala kizito. Na karibu kila mtu hufanya hivyo, kwa sababu nyama na mchuzi ndivyo mtu anavyovifuata kwenye sahani.

Sasa unajua kilichobaki, hujui kilichokuwapo. Njia ya kujua ni moja: Ijumaa ijayo usile palepale. Nunua sahani hiyohiyo, mwambie mhudumu akupakulie kwanza kwenye sahani kama ya mezani, ndipo aifunge. Sisitiza hilo, maana sehemu nyingi ya kubeba hupakuliwa kwa kujaza kontena, na si kipimo kilekile. Ukifika nyumbani, kabla ya kula, pima wali, masala, na kuku na mfupa wake. Ukishakula kuku, pima mifupa uitoe.

Neema, njia yako inapunguza kosa la macho, na ni nzuri kwa mtu asiye na mizani. Lakini ni nusu ya sahani usiyoijua, na aliyeigawa ni mhudumu mwenye haraka. Kuku mmoja anamgawaje? Anamweka upande mmoja. Ukila upande wenye kuku, umekula zaidi ya nusu.

Babu_Tatu

Mnahangaika bure. Mtu akila nusu leo na nusu kesho, jumla ni sahani moja. Andika nusu kila siku, makosa yanafidiana.

Mzee_Mizani

Ni kweli, iwapo zote mbili anazila yeye. Salha hali ile ya pili, anakula mdogo wake. Hapo hakuna cha kufidiana.

MamaRehema_Tanga

Samahani nachomekea langu. Mume wangu ana sukari, anachoma insulini, na kliniki walitufundisha kuhesabu wanga. Tukila nje tunafanya hivihivi vya nusu. Nifuate hesabu hii ya Salha?

Mzee_Mizani

Mama Rehema, hesabu yenu ni nyingine. Yeye anatafuta kalori, kwa hiyo mafuta ya masala yanamhusu sana. Ninyi kwenye biriani mwangalie wali kwanza. Gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga kama gramu 28. Macho yakikosea kwa gramu 100 za wali, na yanakosea kirahisi, umekosea gramu 28 za wanga. Pimeni wali wa sahani nzima mara moja nyumbani, mjue ujazo wake kwa kikombe cha chai, ndipo mtajua alichokula. Dozi msibadilishe kwa maneno yangu, pelekeni vipimo hivyo kliniki.

juma_wa_buguruni

Mimi swali langu: hiyo iliyofungwa saa 7 mchana ikaliwa saa 2 usiku, inakaa wapi muda wote huo? Wali unalala vibaya jamani.

Salha_Upanga

Friji ya ofisini. Usimtishe mdogo wangu.

Salha_Upanga (Ijumaa iliyofuata)

Wakuu nimerudi na vipimo. Wenzangu wamenicheka nikibeba sahani nzima kama mtu wa msibani, lakini nimepata.

Wali gramu 620. Masala gramu 210. Kuku na mfupa gramu 230, mifupa baada ya kula gramu 70, kwa hiyo nyama 160. Halafu?

Mzee_Mizani

Vizuri sana. Sasa toa kilichobaki wiki iliyopita.

Wali 620 toa 330, ulikula 290. Masala 210 toa 60, ulikula 150. Nyama yote 160.

Kwa kalori, wali mweupe uliochemshwa tu una kama 130 kwa gramu 100. Wa biriani una mafuta, mimi huuwekea 160. Nyama ya kuku na ngozi yake, 200. Masala nimeyawekea 180, na hapo ndipo nina wasiwasi, nitarudi.

Kwa hiyo wali kalori 464, masala 270, kuku 320. Jumla 1,054. Alichokula mdogo wako ni wali 528 na masala 108, jumla 636. Sahani nzima ni 1,690.

Angalia sasa. Ungeijua sahani nzima na ukaandika nusu, ungeandika 845. Ulichokula ni 1,054, yaani karibu asilimia 62 ya sahani. Kwa uzito wa wali peke yake hukufika hata nusu, ulikula 290 ukaacha 330. Ndiyo maana hata ungepima wali tu, bado ungedanganyika.

Salha_Upanga

Kumbe ile 600 yangu ilikuwa karibu chakula cha mdogo wangu, si changu 😂

Lakini Mzee, sahani ya wiki hii si ya wiki iliyopita. Je, kama wiki ile walinipakulia zaidi?

Mzee_Mizani

Swali zuri, na ndiyo, kosa hilo lipo. Umetoa mabaki ya sahani moja kwenye jumla ya sahani nyingine. Rudia upimaji wa sahani nzima mara moja au mbili zaidi, siku tofauti. Wali ukicheza kati ya 580 na 660, tumia wastani, haitakuhangaisha. Ukiona leo 620 na kesho 800, basi hapo hawana kipimo, kila anayepakua ana mkono wake, na daftarini uandike "kati ya hapa na hapa" badala ya namba moja.

Mpishi_Temeke

Nimekaa kimya nasoma, ngoja niseme mambo mawili ya jikoni.

La kwanza: sisi mteja akisema "nifungie", masala yakiwa yamekauka kwenye sahani tunamwongezea kijiko, na kachumbari juu. Ni ukarimu tu. Kwa hiyo dada Salha, yale masala 60 huenda si yote yalitoka kwenye sahani yako.

La pili: vitunguu vya biriani vinakaangwa kwenye mafuta mengi. Mafuta yale hayamwagwi. Mengine yanaingia kwenye masala, mengine tunanyunyizia wali. Sufuria kubwa ya wali haina mafuta sawa juu na chini. Aliyepakuliwa mwanzo na aliyepakuliwa mwisho hawali wali mmoja.

Salha_Upanga

Eh! Hiyo ya kuongezewa sikuiona, huwa anaondoka na sahani kwenda nyuma.

Mzee_Mizani

Asante Mpishi, hilo la kwanza linabadilisha hesabu. Kama aliongeza kijiko cha masala, tuseme gramu 30, basi Salha alikula 180 na si 150. Ongeza kalori 54, tunafika 1,108. Tena ni juu, si chini. Dawa yake rahisi: omba kontena ujifungie mwenyewe mezani.

Na la pili ndilo wasiwasi wangu wa masala. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori kama 120. Namba ya 180 ni ya masala ya wastani. Masala yanayoelea mafuta yanaweza kupita 250, na mizani haikuonyeshi tofauti. Mpishi, kwa kuku 20 mnatumia mafuta lita ngapi?

Mpishi_Temeke

Hapo mkuu unataka nifukuzwe kazi. Inategemea aliyeshika sufuria siku hiyo. Mimi natumia kidogo kuliko mwenzangu, yeye anasema bila mafuta kuelea mteja ataona tumembania.

Babu_Tatu

Sasa Salha anaingiaje jikoni kuuliza leo nani kashika sufuria?

Salha_Upanga

Sahani ikifika nitaiinamisha kidogo nione mafuta yanavyochuruzika pembeni. Yakichuruzika mengi naandika 250, yasipochuruzika 180. Mzee, kuna ubaya?

Mzee_Mizani

Hakuna. Ila iinamishe kabla hujachanganya.

kaka_dulla

Na mdogo wako naye mpe daftari lake.