Tangazo la chama na Ijumaa iliyoeleweka vibaya

Karani, Masasi: Kijana wetu aliandika katika kundi la vijana: "Wadau, peimenti ya korosho imedilei, tutawaapdeti bai Fraidei." Nikaiandika upya kwa ajili ya ubao wa chama: "Malipo yamechelewa, mtalipwa Ijumaa." Wakulima walikuja Ijumaa na fedha hazikuwapo. Je, nilikosea kuondoa mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza?

Mwalimu, Mikindani: Kuondoa hukukosea, kwa sababu ubaoni husoma mzee ambaye hakuwamo katika mazungumzo ya vijana wale. Ulipokosea ni kwamba "kuapdeti" ni kutoa taarifa, si kulipa, na "bai Fraidei" ni ukomo wa muda, kwa hiyo taarifa ingeweza kutoka hata Jumatano. Kabla ya kubadilisha neno, ungemuuliza kijana aliahidi nini.

Mkazi, Lindi Mjini: Chanzo ni uvivu wa vijana wasiojua Kiswahili. Hata "risiti" ningeifuta, niandike "stakabadhi".

Kijana, Shangani: Dada yangu, neno "uvivu" limeniumiza. Ninapoandika "anasendi" na "amenisendia", nafuata njia ileile ya "anarudi" na "amenirudia", na "rudi" lenyewe lilitoka Uarabuni. Asiyejua Kiswahili hawezi kulinyambua neno geni namna hiyo. Tena, rafiki yangu akiandika "poa, nitakusendia" nami nikajibu "vyema, nitasubiri unitumie", atadhani nimekasirika, kwa hiyo ujumbe wa namna hiyo usiandikwe upya hata kidogo.

Mama, Nachingwea: Wanangu, mwanangu aliyeko Dar es Salaam aliniandikia, "Mama niko bize, nitakukol leita." Hiyo "leita" niliisoma "leta", nikashinda nikiwaza anataka nimpelekee nini. Sikuona uvivu wowote. Niliona amesahau kwamba anamwandikia mama yake.

Mwalimu, Mikindani: Mama amegusa penyewe, kwani mwandishi ni yuleyule na aliyebadilika ni msomaji. Kuhusu "risiti", dada, hata "stakabadhi" ina asili ya Kiarabu. Wakulima wetu hutumia "stakabadhi ghalani" kwa mfumo wa mauzo na "risiti" dukani, na ukilazimisha moja pote utawachanganya watu ambao hawakuwa wamechanganyikiwa.

Mkazi, Lindi Mjini: Risiti nimeiacha. Uvivu bado nauona, maana "malipo" si neno gumu.

Karani, Masasi: Basi nitaandika, "Tutawapa taarifa kabla ya Ijumaa."

Kijana, Shangani: Hapana, kaka, hapo umeitoa Ijumaa yenyewe, nami niliposoma "bai Fraidei" nilielewa kwamba nayo imo. Andika, "Tutawapa taarifa ya malipo siku yoyote kuanzia leo, na mwisho ni Ijumaa jioni."

Karani, Masasi: Hiyo "jioni" kijana wetu hakuitaja. Nitamuuliza kwanza.